Ulipojikwaa, Si Ulipoangukia: Kutafuta Kiini cha Hoja ya Ukaguzi wa Ndani

(Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya wakaguzi wa ndani wa halmashauri za Kanda ya Kati, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, ndugu wakaguzi wa ndani, ndugu waweka hazina mliokubali kukaa nasi leo,

Nimepewa saa moja nizungumzie chanzo cha hoja za ukaguzi. Ningeweza kuitumia saa hiyo kueleza nadharia, lakini nimeona ni heri niwachukue hatua kwa hatua ndani ya hoja moja tu, ambayo kila mmoja wetu humu amewahi kuiandika: makusanyo ya mapato ya ndani kutopelekwa benki kwa wakati. Halmashauri yenyewe sitaitaja. Iko katika kanda yetu hii, ina kata za mjini na kata za mbali, inalima alizeti, mahindi na mtama, na wakusanyaji wake wanatumia mashine za POS kama wenu.

Hoja hiyo ilijirudia kwa miaka mitatu mfululizo. Ripoti ya mwaka wa kwanza niliiandika mimi. Kwenye kipengele cha chanzo niliandika hivi: "Hali hii imesababishwa na wakusanyaji kutozingatia Memoranda ya Fedha ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009, pamoja na udhaifu katika usimamizi wa mapato." Pendekezo langu lilikuwa kwamba menejimenti iwakumbushe wakusanyaji wajibu wao na kuwachukulia hatua watakaokiuka. Menejimenti ilijibu kwamba imepokea hoja na imewaandikia barua wahusika. Barua ziliandikwa kweli, nakala nilizipata, na nikaifunga hoja. Mwaka uliofuata ikarudi vilevile, tofauti ikiwa ni kiasi cha fedha tu.

Naomba tuisome tena sentensi yangu ile. Hali tuliyoibaini ni kwamba fedha hazikupelekwa benki kama memoranda inavyotaka. Chanzo nilichokitaja ni kwamba wakusanyaji hawakuzingatia memoranda. Hayo ni maneno yaleyale yaliyogeuzwa upande. Sikueleza chochote kuhusu kilichotokea kati ya mkulima kulipa ushuru na fedha kuingia benki. Maneno "udhaifu wa usimamizi" nayo hayakusaidia, kwa sababu hayamwonyeshi mtu yeyote kitu cha kwenda kukirekebisha kesho asubuhi. Mweka hazina akisoma kwamba usimamizi wake ni dhaifu, atafanya lipi kati ya mambo mia moja anayoyasimamia? Atafanya lililo jepesi, yaani ataandika barua.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vinamtaka mkaguzi, pale inapowezekana, ashirikiane na menejimenti kukibaini chanzo halisi cha hoja. Neno la kulishika hapo ni kushirikiana. Chanzo hakipatikani kwa mkaguzi kukaa ofisini na kukitunga baada ya kazi ya uwandani kuisha, ilhali wengi wetu tunajaza kipengele hicho usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha rasimu.

Mwaka wa tatu tuliamua kuifanya kazi hiyo upya. Tulichukua kipindi cha miezi mitatu, Mei hadi Julai, msimu ambao alizeti inatoka shambani na ushuru wa mazao unaingia kwa wingi. Wakusanyaji wenye mashine walikuwa 41. Kati yao, 17 walikaa na fedha zaidi ya muda unaoruhusiwa, jumla ikiwa shilingi 46,300,000, na aliyechelewa kuliko wote alikaa nazo siku 23. Miaka iliyotangulia tungeishia hapo, tukaambatanisha jedwali la majina 17 na kusonga mbele.

Safari hii tulianza kwa kulitenganisha lile jedwali. Wakusanyaji 15 kati ya 17 walikuwa wamepeleka fedha yote, mpaka shilingi ya mwisho, isipokuwa walichelewa. Wawili walikuwa na upungufu wa shilingi 2,870,000 ambazo hazikufika benki kabisa. Wawili hao walikuwa na vituo mjini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka benki. Hapo tu ilionekana kwamba tulikuwa tumefunga mizigo miwili tofauti kwa kamba moja. Mtu anayechelewesha fedha yote na mtu anayepunguza fedha hawasukumwi na jambo moja, na pendekezo litakalomfaa mmoja halitamgusa mwingine. Nawasihi msianze kutafuta chanzo kabla hamjahakikisha kwamba mnachokitafutia chanzo ni kitu kimoja.

Baada ya hapo tulizipanga stakabadhi za benki za wale 15 kwa siku za wiki. Zilikuwa 143, na 97 kati yake zilikuwa za Alhamisi. Mtu asiyejali sheria hachelewi kwa mpangilio wa namna hiyo. Uzembe hauna siku maalumu, kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu kinachotokea Alhamisi. Kilikuwa mnada. Alhamisi malori na magari madogo yanatoka vijijini kuja mnadani mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inashuka hadi shilingi 4,000. Siku nyingine njia iliyopo ni bodaboda, na bodaboda ni shilingi 16,000.

Hapo nilidhani tumepata jibu: umbali. Lakini tulijiwekea sharti kwamba kila jibu lazima lijaribiwe kwa watu ambao tatizo halikuwapata, kwa sababu chanzo kinachoeleza waliochelewa lakini kisieleze waliowahi bado hakijakamilika. Wakusanyaji 13 kati ya wale 15 walikuwa katika kata zisizo na benki wala wakala wa benki. Wawili waliobaki walikuwa na wakala kijijini, ila wakala mwenyewe hakuwa na salio la kutosha kwenye akaunti yake kupokea laki nane au milioni moja kwa mkupuo, hivyo aliwaambia warudi kesho. Wao pia fedha ilikosa njia ya kutoka kijijini. Kwa upande wa pili tulikuta wakusanyaji wanne wa kata za mbali zilezile, zisizo na wakala, ambao hawakuchelewa hata mara moja. Umbali wao ulikuwa uleule. Kilichowatofautisha ni kwamba vituo vyao vilikuwa kwenye vizuizi vya barabara kuu, ambako gari la doria ya mapato hupita kila jioni na kuwarudisha mjini wao na fedha zao.

Kwa hiyo umbali haukuwa chanzo. Umbali ni hali ya nchi yetu, na mkaguzi hawezi kupendekeza kijiji kisogezwe. Swali lililobaki lilikuwa nani analipa gharama ya kuuvuka umbali huo. Tulipokagua mpango na bajeti, tulikuta fedha za mashine, za karatasi za mashine na za posho za kikosi cha doria. Fedha ya mkusanyaji kusafirisha makusanyo kwenda benki haikuwamo. Piga hesabu: mkusanyaji akienda benki kila siku ya kazi kwa siku 22, nauli yake ni shilingi 352,000 kwa mwezi, kutoka mfukoni mwake. Makusanyo yake katika siku ya kawaida yalikuwa kati ya shilingi 45,000 na 70,000. Utaratibu ulimtaka atumie 16,000 zake kupeleka 50,000 za halmashauri, na yeye alichagua kusubiri Alhamisi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesubiri Alhamisi.

Haya tuliyapata kwa kuzungumza na watu, na naomba niseme kidogo kuhusu mazungumzo yenyewe. Vitabu vinatufundisha kuuliza "kwa nini" mara tano, njia iliyotoka viwandani Toyota kule Japani. Njia ni nzuri, lakini katika Kiswahili, na hasa mkaguzi anapomuuliza mtendaji wa kijiji, "kwa nini" ina sura ya mashtaka. Ukimwambia, "Kwa nini hukupeleka fedha?" ataanza kujitetea, na utetezi si maelezo. Kijana wetu mmoja aliuliza hivyo akajibiwa, "Nisameheni, sitarudia." Msamaha huo hauna cha kuandika kwenye karatasi za kazi. Tulipobadilisha na kusema, "Ndugu Mtendaji, tueleze Jumanne yako ilivyokwenda, tangu ulipowasha mashine mpaka ulipolala," alituambia kuhusu bodaboda, kuhusu wakala, na kuhusu kopo la unga alimokuwa akificha fedha za Serikali kwa wiki nzima, huku halali vizuri kwa hofu ya wezi. Zile "kwa nini" tano zibaki kwenye daftari la mkaguzi, na kila jibu litafutiwe ushahidi ambao hautoki kinywani mwa aliyelitoa. Nauli tulizithibitisha kijiweni kwa bodaboda wenyewe, siku za mnada kwenye ratiba ya halmashauri, na kukosekana kwa kasma kwenye kitabu cha bajeti.

Tungeweza kusimama hapo, na pendekezo lingekuwa: itengwe fedha ya usafiri. Lakini mwenzangu mmoja aliuliza swali lililotusogeza mbele zaidi. Alisema: sawa, wamechelewa kwa sababu ya nauli, lakini mtu amekaa na fedha siku 23 na hakuna aliyepiga simu. Mfumo ulikuwa unaona?

Mfumo ulikuwa unaona. Mashine zile zilikuwa na kikomo: fedha isiyopelekwa benki ikivuka kiasi fulani, mashine inajifunga na mkusanyaji hawezi kutoa stakabadhi nyingine mpaka alipie kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba. Kikomo kilianza kikiwa shilingi 300,000 kwa kila mashine. Kisha msimu wa alizeti ukaingia. Lori moja kwenye kizuizi linalipa zaidi ya hapo kwa safari moja, na mashine zikaanza kujifunga saa nne usiku, malori yamepanga foleni, madereva wanalalamika, afisa TEHAMA anaamshwa usingizini kuja kuzifungua. Baada ya wiki mbili za namna hiyo, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kikomo kilipandishwa hadi shilingi 5,000,000 kwa mashine zote 41, za vizuizini na za vijijini pia, ambako kiasi hicho hakikusanywi hata kwa miezi miwili. Agizo lilikuwa la mdomo. Msimu ulipoisha hakuna aliyekumbuka kukirudisha, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kumkumbusha mtu. Hali hiyo ilikuwa imedumu karibu miaka miwili tulipoikuta.

Aliyepandisha kikomo hakuwa na nia mbaya. Alitatua tatizo la kweli la usiku ule. Nalisisitiza hili kwa sababu udhibiti mwingi unaokufa katika taasisi zetu haufi kwa wizi. Huuawa na mtu mwema mwenye haraka, kisha huachwa hapo. Mkaguzi anayefika na swali la "nani alikosea" hatamwona mtu huyo. Atakayemwona ni yule anayeuliza udhibiti huu ulikuwa unamsumbua nani, lini, na alifanya nini ili usimsumbue.

Jambo la mwisho tulilipata kwenye kikao cha mapato cha kila Jumatatu. Tulisoma mihtasari ya vikao 12. Kila kikao kilisoma makusanyo ya kila kata dhidi ya lengo, wa juu wakapongezwa na wa chini wakahojiwa. Fedha ambayo haijafika benki haikutajwa katika muhtasari hata mmoja. Mtendaji mmoja alituambia maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo: "Mimi nasomwa kwa ninachokusanya. Sijawahi kusomwa kwa ninachopeleka." Mtendaji aliyekusanya milioni mbili na kukaa nazo kwenye kopo la unga alipigiwa makofi kuliko yule aliyekusanya milioni moja na laki tano akazifikisha zote. Barua zetu za kuwakumbusha wajibu zilifika mara moja kwa mwaka. Kikao kile kilikuwa kikiwafundisha jambo jingine kila Jumatatu.

Sasa tazameni jinsi wale wawili wa mjini wanavyorudi. Kilichowasukuma hatukijui kwa hakika, na si kazi ya ukaguzi kusoma mioyo; suala lao tulilitenga, tukamkabidhi Mkurugenzi taarifa yake peke yake ili taratibu za nidhamu na urejeshaji zifuatwe. Lakini kilichowawezesha tulikijua. Kikomo cha milioni tano na kikao kisichouliza fedha iko wapi viliwapa nafasi ileile vilivyowapa wale 15. Nia zilikuwa tofauti, na mlango ulikuwa mmoja. Kutafuta kiini, kwa hiyo, hakumwondolei mtu hatia, jambo ambalo baadhi ya waheshimiwa madiwani huwa na wasiwasi nalo tunapoeleza mazingira ya kosa. Anayestahili hatua atachukuliwa hatua, na mlango utafungwa pia.

Mtaniuliza tulijuaje mahali pa kusimama. Tungeweza kuendelea: kwa nini bajeti haikuwa na fedha hiyo, kwa nini mapato ya ndani ni madogo, kwa nini benki hazifiki vijijini, mpaka tukafika kwenye umaskini na kuishia hapo tukiwa hatuna la kumpendekezea mtu. Kipimo tulichotumia ni hiki: simama pale unapofika kwenye jambo ambalo mtu mwenye cheo kinachojulikana, ndani ya taasisi unayoikagua, ana mamlaka ya kulibadilisha. Ukisimama kabla ya hapo, utaishia kwa mkusanyaji asiye na mamlaka ya nauli wala ya kikomo. Ukipita hapo, utakuwa unaiandikia nchi nzima ripoti. Kisha uusome mnyororo wako kurudi nyuma ukitumia neno "kwa hiyo", uone kama kila kiungo kinashika: kikao hakiulizi fedha iliyoko mkononi, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba kikomo kimekuwa kikubwa mno, kwa hiyo mashine haijifungi, kwa hiyo mkusanyaji anaweza kusubiri; na kusafiri kila siku kunamgharimu yeye mwenyewe, kwa hiyo anasubiri Alhamisi. Pale "kwa hiyo" inapolegea, bado hujapata ushahidi.

Mapendekezo yalibadilika kabisa. Kikomo kiwekwe kwa kila kituo kulingana na makusanyo yake, na kinapopandishwa kwa ajili ya msimu kiidhinishwe kwa maandishi na Mweka Hazina, kikiwa na tarehe ya kuisha. Taarifa ya Jumatatu iongezwe safu mbili: fedha isiyofika benki, na imekaa siku ngapi. Kuhusu usafiri, tuliieleza gharama ilivyo na kuiachia menejimenti ichague njia, kwa sababu mkaguzi akisanifu utaratibu leo, kesho atakuja kuukagua vipi? Menejimenti ilisema wazi kwamba bajeti ya mwaka huo haikuwa na nafasi ya posho. Badala yake walibadilisha njia ya gari la doria, likawa linaingia kata za ndani mara mbili kwa wiki. Njia hiyo sisi hatukuifikiria, na ilikuwa ya gharama ndogo kuliko yetu. Kwa kuwa memoranda inabaki ilivyo, tuliandika pia kwamba siku ambazo gari halifiki bado ni pengo linalohitaji ufumbuzi kwenye bajeti inayofuata.

Tulirudi msimu uliofuata, miezi ileile, ili tusilinganishe mavuno na kiangazi. Waliochelewa walikuwa watano badala ya 17, na hakuna fedha iliyopungua. Wawili kati ya watano walikuwa walewale wenye wakala asiye na salio la kutosha, ambao gari halikuwafikia. Watatu gari liliharibika, wakasubiri siku nane. Lazima niseme pia kwamba mavuno ya mwaka huo yalikuwa madogo, hivyo sehemu ya nafuu ile huenda ilitokana na fedha kuwa chache. Tuliliandika hilo kwenye taarifa ya ufuatiliaji. Kilichotupa imani ni kumbukumbu za mfumo: mashine zilijifunga mara kadhaa kwenye vituo vya vijijini, na kila mara fedha ilipelekwa ndani ya siku mbili.

Kazi yote hii ilichukua wakaguzi wawili siku tisa zaidi ya muda wa kawaida. Hatuwezi kufanya hivyo kwa kila hoja. Stakabadhi moja iliyokosa saini haihitaji bodaboda wala mnada. Sisi tulijiwekea kwamba hoja iliyojirudia, au inayogusa vituo vingi kwa wakati mmoja, lazima ipewe siku hizo tangu kwenye mpango wa ukaguzi, kabla hatujatoka ofisini.

Mlipoalikwa mliombwa mje na ripoti zenu za mwaka uliopita. Baada ya chai tutakaa katika makundi ya watu wanne. Kila mmoja afungue hoja iliyojirudia, afunike kwa karatasi kipengele cha hali iliyobainika, kisha amsomee jirani yake kipengele cha chanzo peke yake. Jirani akiweza kukuambia hali ilikuwa ipi kwa kusikia chanzo tu, neno kwa neno, basi hapo ndipo kundi lenu litaanzia kazi.